Dhamira, motifu na funzo katika hurafa na masimulizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha fasihi simulizi hapa Mtwara. Kila tunapofika kwenye uchambuzi wa hurafa, yaani hadithi ambazo wahusika wake ni wanyama, maswali ni yaleyale, yawe ya wanafunzi wa Kidato cha Pili au ya walimu wenzangu wanaosahihisha. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu. Mengi yanategemea hadithi moja, kwa hiyo aliyeingia katikati ya ukurasa aanzie swali la 1.

## Mambo ya mwanzo

1. Mifano inatoka hadithi gani?

Inatoka kisa cha kima na papa. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alikiandika kama kilivyosimuliwa Unguja, akakichapisha mwaka 1870 kwa jina la Kisa cha Punda wa Dobi. Huku kusini nimekisikia kwa vinywa tofauti, na kiini chake hakibadiliki.

Kima alikuwa akila matunda ya mkuyu ulioinamia bahari. Chini yake alikuja papa, akawa anaomba atupiwe matunda, na urafiki ukaota hapo. Siku moja papa akamwalika kima kwao. Kima akapanda mgongoni, wakaenda. Walipofika katikati ya bahari papa akamwambia ukweli: sultani wetu ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamjibu kwamba amekosea kutomwambia kulekule pwani, maana kima wakitembea huiacha mioyo yao mitini. Papa akageuza. Kima akaruka mtini, akakaa kimya. Alipoitwa ashuke, akajibu: unanifanya punda wa dobi?

Papa akauliza punda wa dobi ni nani, na kima akamsimulia. Punda alimtoroka bwana wake akanenepa porini. Sungura akamshawishi kwa maneno ya posa, akampeleka kwa simba mgonjwa. Simba akamrukia, lakini hakuwa na nguvu, na punda akaponyoka. Sungura akamfuata tena, akamshawishi tena, na punda akarudi. Safari hii aliuawa. Simba alitaka moyo na masikio tu, kumbe sungura ameshavila. Alipoulizwa, sungura akasema: punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudi hapa mara ya pili?

2. Dhamira, motifu na funzo vinatofautianaje kwa maneno machache?

Dhamira ni jambo ambalo hadithi inalifikiria na kile inachosema kuhusu jambo hilo. Motifu ni kitu, mhusika au tukio lisilo la kawaida ambalo unaweza kulionyesha kwa kidole ndani ya hadithi, na ambalo unaweza kulikuta pia katika hadithi nyingine. Funzo ni agizo au onyo linalomwelekea msikilizaji: fanya hivi, usifanye vile.

Katika kisa cha kima, moyo ulioachwa mtini ni motifu. "Akili ya kweli huitambua hatari mara ya kwanza" ni dhamira. "Ukishaponyoka usirudi" ni funzo. Ukiviangalia vizuri utaona kila kimoja kina maumbile yake ya kisarufi. Motifu huandikika kama jina lenye sifa au tendo, dhamira huandikika kama kauli, na funzo huja katika hali ya kuamrisha au kukataza. Ukiona umeandika "tusiwe…" kwenye kisanduku cha dhamira, umeshateleza.

3. Na ujumbe je? Vitabu vya shule vina ujumbe, havina funzo.

Vitabu vingi vya sekondari huweka chini ya maudhui dhamira, ujumbe, migogoro, mtazamo, msimamo na falsafa. Ujumbe unaoelezwa humo, kama mambo ambayo hadhira inaondoka nayo, ndio ninaouita funzo hapa. Ninapendelea neno funzo kwa hurafa kwa sababu hurafa nyingi hulitamka wazi mwishoni, kwa kinywa cha mtambaji au cha mhusika. Kwenye mtihani tumia neno lililo kwenye swali. Ukiulizwa ujumbe, andika ujumbe.

4. Kwa nini watu huvichanganya?

Kwa sababu vyote vitatu huweza kubebwa na sentensi moja ya hadithi. Chukua maneno ya sungura kuhusu punda asiye na moyo wala masikio. Ndani yake kuna motifu, yaani mnyama anayedaiwa kukosa kiungo ambacho mtu mwingine amekila. Kuna dhamira, yaani akili na ukosefu wake. Na kuna funzo linalochungulia: usikilize onyo. Mwanafunzi anaiona sentensi moja, anadhani ni jambo moja lenye majina matatu.

Sababu ya pili ni namna tunavyouliza. Mwalimu akimaliza kusoma hurafa na swali lake la kwanza likawa "hadithi hii inatufundisha nini?", amekwisha kuruka hadi kwenye funzo. Dhamira hubaki bila mlango wa kuingilia. Siku hizi mimi huanza na "ni kitu gani cha ajabu kilitokea humu?" Swali hilo huleta motifu, na motifu ndiyo inayoonekana kwa macho.

## Motifu

5. Nitajuaje kwamba kitu fulani ni motifu, si sehemu ya kawaida tu ya hadithi?

Kosa ninalokutana nalo zaidi kwenye madaftari ni orodha ya namna hii: "motifu ni kima, papa, bahari, mkuyu na sultani." Hiyo ni orodha ya wahusika na mandhari. Mkuyu ni mti tu. Bahari ni bahari.

Stith Thompson, Mmarekani aliyekusanya fahirisi kubwa ya motifu za masimulizi ya dunia (juzuu zake za kwanza zilitoka 1932 hadi 1936, na toleo lililopanuliwa 1955 hadi 1958), alieleza motifu kuwa ndiyo sehemu ndogo kabisa ya hadithi yenye nguvu ya kudumu katika mapokeo. Ili idumu lazima iwe na kitu kinachoifanya ikumbukwe. Mama peke yake si motifu. Mama wa kambo anayempa mtoto kazi isiyowezekana, huyo ni motifu.

Kwa hiyo fanya jaribio la kuhamisha. Ing'oe sehemu hiyo, uipande katika hadithi nyingine yenye wahusika wengine na mahali pengine. Je, bado inafahamika na bado inashangaza? "Kiumbe anaokoka kwa kudai kiungo kinachotafutwa amekiacha nyumbani" inahama vizuri. Unaweza kumweka sungura badala ya kima, mamba badala ya papa, ini badala ya moyo. Ukihamisha "mkuyu" peke yake, umehamisha mti.

Hiyo ya moyo ulioachwa nyumbani Thompson aliipa namba K544, katika kundi la K ambalo ni la hila na udanganyifu. Namba hizo huhitaji kuzikariri. Ninaitaja hii moja ili uone kwamba jambo tunalolisimulia huku pwani lina ndugu zake mbali.

6. Mwalimu mwingine alituambia motifu ni kitu kinachojirudia ndani ya hadithi. Nani yuko sahihi?

Wote wawili, ila wanazungumzia mambo mawili yanayotumia jina moja. Anayelinganisha masimulizi ya jamii mbalimbali anaita motifu kile kinachojirudia kutoka hadithi moja hadi nyingine. Anayechambua kazi moja anaita motifu kile kinachojirudia ndani ya kazi hiyo.

Kisa cha kima kinazo zote mbili, na ndiyo maana nakipenda kwa kufundishia. Moyo ulioachwa mtini ni motifu inayosafiri. Lakini neno moyo lenyewe linarudi ndani ya kisa mara kwa mara: moyo wa kima unaotakiwa na sultani, moyo unaodaiwa uko mtini, moyo wa punda anaoutaka simba, moyo ambao sungura ameula. Hiyo ni motifu ya ndani, na ndiyo itakayokupeleka kwenye dhamira, kama tutakavyoona swali la 8. Ukiandika, taja unazungumzia ipi. Sentensi moja inatosha: "Moyo unajirudia katika kisa chote kama motifu ya ndani."

7. "Hadithi hadithi! Hadithi njoo!" ni motifu? Na wimbo unaorudiwa na wasikilizaji?

Hapana. Hiyo ni fomula ya kufungulia. Inajirudia katika hadithi nyingi, ni kweli, lakini haimo ndani ya yale yanayosimuliwa. Iko mlangoni. Wimbo unaoitikiwa nao ni mbinu ya utambaji, na kurudiarudia kwake ni takriri. Wimbo ungekuwa motifu kama ndani ya hadithi wimbo huo unafanya jambo, kwa mfano unafungua pango au mfupa unauimba kumfichua muuaji.

Hadithi ndani ya hadithi, kama kima anavyomsimulia papa, ni muundo. Iandike kwenye fani.

## Dhamira

8. Nifanyeje ili niipate dhamira bila kukisia? Naomba mfano uliokamilika.

Tufanye pamoja kwa kisa cha kima, taratibu.

Anza na motifu ya ndani, yaani moyo. Andika kila mahali unapotajwa na nani anasema. Papa: sultani anahitaji moyo wa kima. Kima: moyo wangu sinao hapa. Simba: nataka moyo na masikio. Sungura: huyu hakuwa na moyo. Sasa uliza ni yupi kati yao anasema kweli. Kima alisema hana moyo, kumbe anao kifuani, unadunda palepale juu ya mgongo wa papa. Punda alikuwa nao, maana sungura ameula, lakini inasemwa hakuwa nao. Aliye na moyo anadai hana na anapona. Aliyekuwa nao anaambiwa hakuwa nao, na ameshakufa.

Hapo moyo hauwezi tena kuwa kipande cha nyama tu. Kwa Kiswahili moyo ni mahali pa ujasiri na pa kufikiri pia. Kutia moyo, kuweka moyoni, kusema moyoni, yote tunayasema kila siku. Sungura anapotamka kwamba punda hana moyo wala masikio anamaanisha hana akili ya kukumbuka wala usikivu wa kuonyeka. Ni wazo lilelile la sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha linganisha marudio. Kima aliponyoka mara moja, akaitwa tena, akakataa. Punda aliponyoka mara moja, akaitwa tena, akarudi. Visa viwili vimewekwa ubavu kwa ubavu ili tuone tofauti hiyo moja. Ukifika hapa unaweza kuandika dhamira kama kauli: akili ya kweli ni kuitambua hatari mara ya kwanza na kuikumbuka inapokuja tena na maneno matamu.

Umeona kwamba hatukukisia. Tulikuwa na marudio ya moyo na ulinganifu wa visa viwili. Mimi huwataka wanafunzi waonyeshe walau sehemu mbili za hadithi zinazoibeba dhamira waliyoitaja. Dhamira yenye sehemu moja tu ya kuiegemeza mara nyingi ni wazo la mwanafunzi mwenyewe.

9. Neno moja kama "urafiki" au "usaliti" linatosha kuwa dhamira?

Kwenye mitihani mingi litakupatia alama ya kutaja, lakini maelezo yake ndiyo yenye alama nyingi. Neno moja ni mada. Linakuwa dhamira unaposema hadithi inadai nini kuhusu mada hiyo.

Jaribu na urafiki katika kisa chetu. "Urafiki" tu hautuambii kitu. Lakini tazama kwamba papa hakumla kima. Alimwambia ukweli, ingawa ukweli huo ulichelewa, ukasemwa mahali ambapo kima hana pa kukimbilia. Tazama pia kwamba papa mwenyewe yuko chini ya mamlaka, yaani sultani mgonjwa. Sasa unaweza kusema: urafiki hutikisika pale mmoja anapodaiwa na mkubwa wake kile ambacho ni uhai wa mwenzake. Hiyo ni dhamira ndogo nzuri, na inampa papa haki yake. Wanafunzi wengi huandika "papa ni msaliti" wakaishia hapo. Mimi naona ni kumwonea.

10. Je, motifu moja huleta dhamira ileile kila mahali?

Hapana, na hapa ndipo kuvitenganisha kunapolipa. Moyo ulioachwa nyumbani unapatikana katika Jataka, masimulizi ya Kibudha ya India, ambako anayeutamani moyo wa nyani ni mke wa mamba. Nyani anamwonyesha mamba matunda yaliyoiva juu ya mti, anamwambia: ile pale ndiyo mioyo yetu, imening'inia. Hakuna sultani tena, kuna tamaa ya nyumbani na mume anayeitii.

Korea nako wanasimulia kwamba Mfalme Joka wa baharini aliugua, na dawa ikawa ini la sungura. Aliyetumwa kulileta ni kobe, mtumishi mwaminifu. Sungura anamwambia mfalme ini ameliacha nyumbani, anarudishwa nchi kavu, anatokomea. Motifu ni ileile, lakini uzito umehamia kwenye utii wa mtumishi na upumbavu wa wakubwa.

Motifu moja, dhamira tatu. Kama motifu na dhamira vingekuwa kitu kimoja, hili lisingewezekana.

## Funzo

11. Funzo linatoka kwa hadithi au kwa msimuliaji?

Mara nyingi kwa msimuliaji na kwa yule aliyekaa mbele yake. Nitaeleza nilivyolielewa hili.

Jioni moja nilikaa na mvuvi mmoja mzee pwani ya Mikindani. Alikuwa anashona nyavu, uzi ameubana kwa vidole vya mguu ili usilegee, na sindano ya mti inaingia na kutoka bila yeye kuitazama. Nikamwamkia, nikamwomba anisimulie kima na papa. Alipofika kima anaporuka mtini, akakata uzi kwa meno, akasema: "Mwalimu, usipande chombo ambacho safari yake hujaambiwa." Kwake hilo ndilo lilikuwa funzo, na hadithi ya punda hakuisimulia kabisa.

Wiki hiyohiyo nilimsikia bibi yangu akiwasimulia wajukuu zake hadithi ileile jikoni. Alimaliza hivi: "Basi nanyi mkiitwa na mtu, hata awe rafiki, mwambieni kwanza mama yenu."

Matukio yaleyale, moyo uleule mtini, na dhamira ya kuitambua hatari ipo kwa wote wawili. Funzo ndilo lililobadilika, kwa sababu mzee alikuwa anaongea na mtu mzima anayesafiri na bibi alikuwa anaongea na watoto. Kwa hiyo unapoandika funzo, andika pia nani alikuwa anaambiwa, kama unajua. "Funzo kwa watoto wanaosikiliza ni…" ni kauli sahihi kuliko "funzo la hadithi hii ni…"

12. Sungura anadanganya na anashinda. Funzo ni tudanganye?

Hili huulizwa na wanafunzi makini, nami hulipokea kwa furaha. Jibu ni kwamba usilazimishe funzo. Katika ngano nyingi za sungura kuna dhamira iliyo wazi, akili ya mnyonge mbele ya nguvu za mkubwa, lakini hakuna agizo lolote. Wasikilizaji wanacheka, wanafurahia kuona simba au fisi akiaibika, basi.

Kosa ni kulitunga funzo kwa sababu jedwali la daftari lina kisanduku cha funzo. Nimewahi kusoma "tunafunzwa kuwa wajanja kama sungura" na kwenye mstari uliofuata "tunafunzwa kuwa uongo ni mbaya", zote kuhusu hadithi moja. Mwanafunzi hakuwa mjinga. Alikuwa anajaza kisanduku. Ni bora kuandika kwamba hadithi haitoi agizo, kisha uthibitishe kwa kuonyesha kwamba hakuna mhusika wala mtambaji anayelaumu hila za sungura.

Zingatia pia kwamba hata katika kisa chetu sungura wa hadithi ya ndani anakula moyo wa punda na hapati adhabu. Kisa hakimjali. Kinamtazama punda.

13. Kama mtambaji ametaja funzo mwishoni, lazima nilikubali?

Lazima uliandike, kwa sababu ni sehemu ya utambaji uliousikia. Lakini si lazima uligeuze kuwa dhamira. Wakati mwingine funzo lililotajwa ni jembamba kuliko hadithi yenyewe. Funzo la yule mvuvi wa swali la 11 linagusa safari ya kwenda tu. Haliugusi mwaliko wa pili ambao kima aliukataa. Taja funzo lake, kisha eleza hadithi imebeba nini zaidi.

## Penye utata

14. Je, masimulizi yote yana funzo? Vipi visasili, kama asili ya Wamakonde?

Hurafa ndiyo inayopenda funzo. Visasili, yaani masimulizi ya asili, mara nyingi havina, na hapa nyumbani tunao mfano mzuri.

Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akikusanya habari za watu wa kusini, na kati ya aliyoyaandika ni simulizi hili la Wamakonde. Hapo kale aliishi kiumbe peke yake porini, hajaoga wala hajanyoa nywele. Akachonga sanamu kwa mti, akaisimamisha wima kando ya makao yake. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto aliyekufa. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, akajifungua tena mtoto aliyekufa. Wakarudi juu, kwenye vichaka vya Mahuta, na huko akazaliwa mtoto aliyeishi. Babu huyo akawaagiza wanawe wasikae mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwa kuwa huko ndiko yaliko maradhi na kifo.

Motifu ni rahisi kuziona: sanamu inayopata uhai, na jaribio la tatu linalofaulu baada ya mawili kushindikana. Jaribio la kuhamisha linakubali zote mbili. Dhamira ni uhusiano wa watu na mahali: uhai wa Wamakonde umefungwa na uwanda wa juu, ijapokuwa maji yako chini. Anayejua Newala ilivyo, ukingoni mwa uwanda na bonde la Ruvuma likionekana chini kabisa, anaelewa uzito wake. Akina mama walikuwa wakiteremka mwendo mrefu kufuata maji na kupanda nayo kichwani, na simulizi hili linatoa sababu ya watu kukubali taabu hiyo.

Sasa, agizo la babu ni funzo? Wanafunzi wengi huandika ndiyo, kwa sababu lina umbo la kukataza. Mimi nasema ni mwiko. Funzo la hurafa linamfaa yeyote anayesikiliza, awe Mmakonde, Myao au Mmwera. Agizo hili ni la ukoo fulani kuhusu ardhi fulani, na kazi yake ni kueleza kwa nini mambo yako hivi. Ukiligeuza kuwa "tunafunzwa tusiishi mabondeni", utakuwa umewalaumu bure wakulima wa mpunga wa bondeni.

15. Je, kitu kimoja kinaweza kuwa motifu na dhamira kwa pamoja?

Kinaweza kuonekana hivyo, hasa safari. Watu huandika "motifu: safari, dhamira: safari." Tumia jaribio la kuhamisha la swali la 5 kwa ile ya kwanza, na kwa ile ya pili uliza: hadithi inasema nini kuhusu safari? Katika kisa cha kima safari ya baharini haina kauli yake. Imebeba hatari tu. Basi iache iwe tukio. Katika simulizi la Wamakonde, kuhama kutoka Ruvuma kwenda Mbwemkuru hadi Mahuta kuna kauli kuhusu mahali pa kuishi. Huko uhamaji unaingia kwenye dhamira.

16. Nimerekodi matoleo mawili ya hadithi moja, na dhamira hazilingani. Nimekosea?

Si lazima. Kwanza angalia kama kuna toleo lililokatwa. Mvuvi wangu aliiacha hadithi ya punda, na bila punda ule ulinganifu wa swali la 8 haupo. Kwake dhamira ya kumwamini mwenzako bila kuuliza ndiyo iliyobaki mbele, nayo ni halali kwa toleo lake. Usilikamilishe toleo la mtu kwa kulichomekea kipande kutoka kitabuni, halafu ukachambua mchanganyiko ambao hakuna aliyeutamba.

Ninachofanya ni kugawa daftari mara mbili. Ukurasa wa kushoto naandika matukio ya kila toleo kwa mpangilio wake, na motifu naipigia mstari. Ukurasa wa kulia naandika maneno ya mwisho ya mtambaji jinsi alivyoyasema, mahali, na waliokuwapo. Dhamira naiandika baada ya siku mbili tatu, nikiwa nimesoma kurasa zote mbili. Nikiiandika usiku uleule, sauti ya mtambaji bado iko masikioni, na karibu kila mara najikuta nimeandika funzo lake.

17. Katika jando na unyago kuna hadithi pia. Nazo nizichambue hivi?

Hata kama umeruhusiwa kuzisikia, hutakiwi kuziandika bila idhini ya makungwi. Kuna zinazosemwa kwa ajili ya wari tu. Hadithi za aina hiyo hufungamana na nyimbo, vitendo na maelezo ya kungwi, na funzo lake hutolewa nje ya hadithi, pengine siku nyingine kabisa. Anayeisoma hadithi pekee ataona motifu, na dhamira pengine ataigusa, lakini funzo hatalipata kwenye karatasi. Ukichambua zile zilizokubaliwa kutoka, acha sehemu ya funzo wazi mpaka umemuuliza aliyefundishwa kwayo.